Laptopu ina NVIDIA lakini gemu inakatakata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wateja wanaoleta laptopu mezani kwangu hapa Mwanjelwa, na kwa wale wanaopiga simu kutoka Tukuyu, Makambako, Njombe na Iringa. Karibu wote huanza vilevile: "Fundi, laptopu ina kadi nzuri, stika ipo, lakini gemu inakatakata." Mara nyingi kadi ni nzima. Tatizo ni kwamba gemu haiitumii. Inachorwa na chipu ndogo ya Intel, na ile kubwa iliyolipiwa pesa imelala.

Majibu mengi yanahusu Windows 10 na 11 zenye Intel na NVIDIA, kwa sababu ndizo ninazozipokea zaidi. AMD na Linux nimezigusa mwishoni.

Kwa nini laptopu moja iwe na chipu mbili za grafiksi?

Kwa ajili ya betri. Chipu ndogo imo ndani ya prosesa yenyewe, haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya kompyuta, na inatumia umeme kidogo. Inatosha kabisa kwa kuandika barua au kuangalia video. Chipu kubwa imekaa peke yake kwenye ubao, ina kumbukumbu yake, na inakula umeme mwingi inapofanya kazi. NVIDIA walitangaza mfumo wao wa kupokezana chipu hizi, uitwao Optimus, mwaka 2010. Kazi nyepesi inabaki kwa chipu ndogo, kubwa inalala, na inaamshwa pale tu programu nzito inapoihitaji.

Jambo moja ulishike hapa, maana majibu ya mbele yanalitegemea. Kwenye laptopu nyingi za aina hii, waya wa skrini umeunganishwa na chipu ndogo. Chipu kubwa haina njia yake ya kufika kwenye skrini. Ikimaliza kuchora picha, inaikabidhi kwa chipu ndogo, nayo ndiyo inayoionyesha. Kwa hiyo chipu ndogo ina kazi saa zote, hata wakati gemu inachorwa na kubwa.

Nitajuaje gemu yangu inachorwa na chipu ipi?

Usikisie kwa macho, na usitegemee kile ulichokiweka kwenye mipangilio. Iangalie gemu yenyewe ikiwa inaendelea.

Fungua gemu, ingia ndani kabisa, acha menyu na ufike mahali gari linatembea au mpira unachezwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kwenye ukurasa wa Processes, bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi juu ya majina ya safu, pale palipoandikwa CPU na Memory, kisha weka tiki kwenye GPU engine. Safu mpya itatokea. Tafuta gemu yako kwenye orodha, usome kilichoandikwa kwenye mstari wake. Utaona kitu kama GPU 0 - 3D au GPU 1 - 3D.

Sasa nenda ukurasa wa Performance. Upande wa kushoto, chini, utaona GPU 0 na GPU 1, kila moja na jina lake. Mara nyingi 0 ni Intel na 1 ni NVIDIA, lakini soma jina, usikariri namba. Ukishalinganisha kurasa hizo mbili umepata jibu.

Watu huchanganywa na kitu kimoja. Gemu ikiwa inachorwa na NVIDIA vizuri kabisa, bado utaona Intel nayo inafanya kazi kidogo. Ndiyo ile kazi ya kupokea picha na kuionyesha. Isikutie wasiwasi.

Kama ukurasa wa Performance hauonyeshi GPU hata moja, basi ama Windows 10 yako ni ya kabla ya toleo 1709, ama draiva zako ni za zamani mno.

Haya, nimeona iko kwenye Intel. Nibadilishe wapi?

Kuanzia Windows 10 toleo 1803, la mwaka 2018, Windows yenyewe ina sehemu ya kuchagua. Fungua Settings, ingia System, kisha Display, shuka mpaka chini kabisa, bofya Graphics settings. Kwenye Windows 11 sehemu hiyo inaitwa Graphics tu. Chagua kuongeza programu ya kawaida, yaani Desktop app, bofya Browse, tafuta faili la gemu lenye mwisho wa `.exe`, bofya Add. Gemu ikishaingia kwenye orodha, ibofye, kisha Options, chagua High performance, bofya Save. Funga gemu kabisa na uifungue upya. Gemu iliyokwisha kuanza haihami chipu katikati ya safari.

Gemu uliyoichukua kwenye Microsoft Store haitafutwi kwa Browse. Pale juu badilisha Desktop app iwe Microsoft Store app, kisha uichague kwa jina.

Kinachofanyika ndani ni chepesi. Gemu nyingi zikiamka huiuliza Windows, "Kuna chipu zipi hapa?" Windows hutoa orodha, na gemu huchukua ya kwanza. Ukichagua High performance, Windows inaiweka NVIDIA juu ya orodha kwa ajili ya faili hilo. Kwa ajili ya faili hilo tu, na hapo ndipo swali linalofuata linapozaliwa.

Nimeweka High performance, nimewasha upya kompyuta, lakini bado inachorwa na Intel. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara ni lilelile. Umeweka kwenye faili lisilo lenyewe.

Nikueleze kisa kimoja kama kilivyokuwa. Kijana wa Uyole, ambaye baba yake anaendesha lori la kwenda Tunduma, alileta laptopu ya mtumba. Prosesa ni Core i5-7200U, ndani yake mna Intel HD Graphics 620, na pembeni ipo GeForce 940MX yenye kumbukumbu ya GB 2. RAM ni GB 8, Windows 10. Gemu yake ni Euro Truck Simulator 2. Alisema akiingia mjini gari linaruka kama picha zinazobadilishwa kwa mkono. Nikawasha kihesabu cha fremu cha Steam, kikasoma kati ya 17 na 21 kwa sekunde.

Mipangilio alikuwa ameshaifanya. Nilipofungua Graphics settings nikakuta `steam.exe` ipo, High performance. Hili ni kosa la kwanza, na wengi hulifanya. Steam ni mlango tu. Ukibofya Play, Steam inaita programu nyingine, ambayo ndiyo inayochora, na hiyo haibebi maagizo uliyoipa Steam. Ni sawa na kumpa konda nauli ya basi la Iringa halafu ukapanda basi jingine.

Chini ya hapo nikakuta `eurotrucks2.exe`, nayo High performance. Nikadhani kazi imekwisha, lakini gemu bado ilikuwa kwenye GPU 0. Nikaitazama ile orodha kwa makini nikaona jina hilo limetokea mara mbili. Nakala yake ya gemu ilikuwa ya zamani, haijasasishwa kwa muda mrefu kwa ajili ya kubana bando, na nakala hizo za zamani zilikuwa na folda mbili ndani ya folda ya bin. Moja ni win_x86 na nyingine ni win_x64, na kila moja ina `eurotrucks2.exe` yake. Yeye alikuwa ameongeza ile ya win_x86. Ile ya win_x64, ambayo Steam ndiyo iliyokuwa ikiifungua, ilikuwepo kwenye orodha tangu zamani ikiwa na Power saving. Akakumbuka kwamba rafiki yake wa bweni alimwekea hivyo ili betri idumu.

Kwa hiyo alikuwa amempa amri mtu mmoja, na anayefanya kazi ni pacha wake.

Nikaibadilisha ile ya win_x64 iwe High performance, nikafunga gemu, nikafungua. Task Manager ikasoma GPU 1 - 3D. Mji uleule, picha zilezile, kihesabu kikawa kinacheza kwenye 40 na kitu. Sikugusa kingine chochote.

Njia ya kutokosea ni kuacha kutafuta faili kwa kubahatisha kwenye mafolda. Fungua gemu, ikiwa inaendelea nenda Task Manager, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, chagua Go to details. Utapelekwa kwenye faili lenyewe linalofanya kazi. Libofye tena kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location. Folda inayofunguka ndiyo yenye faili la kuweka kwenye Graphics settings. Nakili anwani yake pale juu, ukaibandike kwenye dirisha la Browse.

Ukiifanya njia hii utashangaa unachokikuta. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Unreal zina faili dogo kwenye folda ya nje, lenye jina zuri la gemu, na lile linalochora limefichwa ndani ya Binaries\Win64, likiwa na jina linaloishia na `-Win64-Shipping.exe`. Ukiweka lile la nje umeweka mlango tena.

Minecraft je? Sioni faili lake popote.

Minecraft ya Java inachorwa na Java, kwa hiyo faili la kuweka ni `javaw.exe`, si lile la launcher. Na kompyuta moja inaweza kuwa na `javaw.exe` tatu au nne, kwa kuwa launcher hubeba Java yake yenyewe na wewe pengine uliwahi kusakinisha nyingine. Tumia njia ileile ya Open file location wakati dunia yako imefunguka.

Uzuri wa Minecraft ni kwamba inajieleza. Bonyeza F3 ukiwa ndani ya gemu (kwenye laptopu nyingine ni Fn pamoja na F3), soma upande wa kulia. Jina la chipu inayochora limeandikwa pale. Likianza na Intel, bado. Likitaja NVIDIA, umefika.

Gemu hii inatumia OpenGL, na kwa gemu za namna hiyo huwa naweka sehemu mbili: Graphics settings ya Windows, na pia NVIDIA Control Panel. Ukifika kwenye Control Panel ingia Manage 3D settings, kisha Program Settings, ongeza `javaw.exe` ileile, chagua High-performance NVIDIA processor, bofya Apply. Sehemu zote mbili ziseme jambo moja. Zikipingana, kwenye Windows za sasa neno la Windows ndilo linaloshinda.

NVIDIA Control Panel inaniambia skrini haijaunganishwa na NVIDIA. Kadi imeharibika?

Hapana. Ujumbe wenyewe unasomeka hivi:

```
NVIDIA Display settings are not available.
You are not currently using a display attached to an NVIDIA GPU
```

Rudi kwenye jibu la kwanza. Skrini ya laptopu imeunganishwa na chipu ndogo, na Control Panel inakueleza ukweli huo tu. Ndiyo maana pia ukiifungua unakuta sehemu ya 3D Settings peke yake, na mambo ya rangi na ukubwa wa picha hayapo. Yanasimamiwa na Intel. Vivyo hivyo, ukienda kwenye taarifa za skrini ndani ya Windows utakuta imeandikwa Intel, na itaandikwa hivyo hata gemu ikiwa kwenye NVIDIA.

Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakiuza laptopu nzima kwa bei ya kutupa baada ya kusoma ujumbe huu. Mmoja alitoka Rungwe akiwa ameshaambiwa kwenye duka fulani kwamba kadi imekufa na abadilishiwe ubao. Kadi ilikuwa nzima. Tulipoifungua gemu na kuangalia Task Manager, ilikuwa inachora.

Nikiizima Intel kwenye Device Manager, si gemu italazimika kutumia NVIDIA?

Usifanye hivyo. Ukiizima Intel umeziba njia pekee ya picha kufika kwenye skrini. Windows itaangukia kwenye Microsoft Basic Display Adapter, mwanga wa skrini hautabadilika, kila kitu kitakuwa kizito, na NVIDIA nayo haitakuwa na pa kupeleka picha zake. Gemu itakuwa mbaya kuliko mwanzo, au haitafunguka.

Kama umeshaizima, rudi Device Manager, Display adapters, bofya Intel kwa kitufe cha kulia, Enable device.

Zipo laptopu, hasa za gemu na baadhi ya zile za kazi nzito za wahandisi, ambazo zimejengewa swichi ya kuhamisha waya wa skrini kutoka chipu moja hadi nyingine. Kwa hizo utakuta chaguo kwenye BIOS, lenye maneno kama Hybrid na Discrete. Ukichagua Discrete, kila kitu kinachorwa na NVIDIA na betri inaisha haraka. Kama BIOS yako haina chaguo hilo, laptopu haina swichi hiyo, na hakuna programu ya kuiongeza.

Nikibofya Options naona jina la Intel kwenye Power saving na kwenye High performance pia.

Umetazama mahali pazuri. Dirisha lile huandika jina la chipu kwa kila chaguo. Majina yakifanana, Windows inaiona chipu moja tu, na kuchagua hakutasaidia chochote mpaka ya pili ionekane.

Fungua Device Manager. Kama chini ya Other devices kuna alama ya njano yenye maneno 3D Video Controller, hiyo ndiyo chipu kubwa, haina draiva. Ibofye mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids. Ukiona VEN_10DE ni ya NVIDIA, VEN_1002 ni ya AMD. VEN_8086 ni Intel yenyewe. Kwa namba hizo hutadanganywa na stika.

Draiva ya NVIDIA ni faili kubwa, mamia ya MB, kwa hiyo hakikisha unapakua inayofaa kabla ya kuchoma bando. Chipu za zamani zimeshaachwa na draiva mpya. Zile za kizazi cha Fermi ziliishia 391.35, na za Kepler za laptopu, ambazo ni nyingi kwenye GeForce 600M na 700M, ziliishia 425.31. Ukilazimisha draiva ya mwaka huu kwa chipu ya zamani, kisakinishi kitakuambia hakioni kifaa kinachofaa, na bando limeshakwenda.

Kama imo chini ya Display adapters lakini ina alama ya njano, ibofye usome ujumbe. Code 22 maana yake mtu ameizima, iwashe tu. Code 43 maana yake imejaribu kuamka ikashindwa. Safisha draiva usakinishe upya mara moja. Ikirudi ileile, chipu yenyewe au ubao una hitilafu, na hapo si suala la mipangilio tena.

Na kama haionekani popote, angalia BIOS kama imezimwa. Ikiwa haimo na kule, fungua kifuniko uangalie ubao. Nimewahi kununua laptopu ya mtumba yenye stika ya NVIDIA inayong'aa, ndani nikakuta ubao wa toleo lisilo na chipu kubwa kabisa. Kasha lilikuwa la laptopu nyingine. Tangu siku hiyo siulizi bei kabla ya kufungua Device Manager.

Mwanzo inakwenda vizuri, baada ya dakika kumi inaanza kukatakata. Imerudi Intel?

Angalia Task Manager kama ulivyofanya mwanzo. Ukikuta bado iko kwenye GPU ya NVIDIA, uchaguzi wa chipu hauna kosa. Chipu inajipunguza kasi yenyewe, na sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni joto. Watu wa hapa huniambia, "Fundi, Mbeya ni baridi, itachemkaje?" Baridi inasaidia, lakini vumbi letu la kiangazi linaziba mapezi ya kupoza yaliyo mbele ya feni mpaka hewa haipiti. Na ukicheza Juni ukiwa kitandani, laptopu juu ya blanketi, umeziba matundu ya chini. Windows 10 za tangu mwaka 2020 zinaonyesha joto la chipu kubwa kwenye ukurasa wa Performance. Likiwa linapanda kuelekea 90 na fremu zinashuka kwa wakati huohuo, safisha feni na ubadilishe pasta ya joto.

Ya pili ni umeme, na hii wengi hawaijui. Laptopu ikiwa kwenye betri, chipu kubwa haipewi umeme wa kutosha hata kama umechagua High performance. Baadhi ya laptopu za GeForce huweka kabisa kikomo cha fremu 30 zikiwa kwenye betri. Umeme ukikatika katikati ya gemu utaona tofauti papo hapo.

Chaja isiyo yake hufanya vivyo hivyo kimyakimya. Soma stika ya chaja, zidisha volti kwa ampea. Ile ya 19.5 V na 4.62 A inatoa kama wati 90. Ile ya 19.5 V na 3.34 A inatoa 65. Plagi zinafanana, laptopu inachaji, taa inawaka, lakini ile ya wati 65 kwenye laptopu iliyotoka na ya 90 haiwezi kulisha prosesa na chipu kubwa kwa pamoja, na laptopu hujibana. Ukiona betri inashuka wakati unacheza na chaja imechomekwa, hiyo ndiyo dalili.

Nilihamisha gemu kutoka C kwenda D, imerudi Intel. Nimekosea nini?

Hujakosea. Windows inakumbuka anwani kamili ya faili, haikumbuki gemu. Faili likihama, agizo linabaki kwenye anwani ya zamani ambako hakuna mtu. Ongeza upya. Hali ni hiyohiyo kama mdogo wako anaingia kwa akaunti yake kwenye laptopu hiyohiyo, kwa sababu maagizo haya huhifadhiwa kwa kila akaunti peke yake. Ukitaka kuyaona yote kwa mara moja, fungua Command Prompt uandike:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\DirectX\UserGpuPreferences"
```

Kila mstari una anwani ya faili na mwisho wake GpuPreference. Namba 2 ni High performance, 1 ni Power saving, 0 ni kuiachia Windows iamue. Ile laptopu ya kijana wa Uyole ingenichukua dakika moja kama ningeanza na amri hii, kwa sababu pacha wawili wangeonekana wamepangana, mmoja na 2 na mwingine na 1.

Yangu ni AMD. Hatua zinabadilika?

Graphics settings ya Windows ni ileile, na Task Manager ni ileile. Kuwa makini na majina tu, maana chipu ndogo na kubwa zote zinaweza kuitwa Radeon. Kwenye ukurasa wa Performance, chipu kubwa ndiyo yenye Dedicated GPU memory ya kueleweka, kama GB 2 au 4.

Natumia Linux. Nifanyeje?

Kwa NVIDIA yenye draiva ya kampuni, toleo 435 au jipya zaidi, fungua sifa za gemu ndani ya Steam, kwenye Launch Options uandike:

```
__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%
```

Kwa AMD, au NVIDIA yenye draiva huria, ni fupi zaidi:

```
DRI_PRIME=1 %command%
```

Mstari wa kwanza una alama mbili za chini mwanzoni mwa kila moja ya maneno mawili ya kwanza, si moja. Wengi wanaonipigia kwamba haifanyi kazi wameandika moja.

Nikishaihamishia kwenye chipu kubwa, nitegemee gemu yoyote ile?

Hapana. 940MX ni nyepesi. Ilitosha kwa malori ya yule kijana kwa picha za kati, kwenye skrini ya 1366 kwa 768. Tulipojaribu kuiweka kwenye 1920 kwa 1080 na vivuli vya juu, ilirudi kwenye ishirini na kitu ikiwa kwenye NVIDIA ileile, na safu ya GPU ikasoma karibu 100%. Hapo chipu inafanya kazi yote iliyo nayo, na kinachobaki ni kupunguza picha ndani ya gemu. Anza na vivuli na vioo vya pembeni, kwa sababu kila kioo kinachoonekana ni picha nyingine inayochorwa upya. Yeye alizima vioo vya ziada akabakiza vile viwili vikubwa, anavyovihitaji anaporudisha tela nyuma.